Kabla ya kusema "amefariki"

Saa tatu usiku mgonjwa wa kiharusi amekata roho wodini. Nje, kwenye benchi la korido, wamekaa mke wake na kijana wao mkubwa, na chupa ya uji bado ni ya moto. Mtu mmoja lazima awaambie. Nimefanya kazi hiyo ya uuguzi miaka mingi, na mwanzoni niliifanya vibaya: nilisimama mlangoni nikiwa na glavu mkononi, nikalitamka neno lenyewe kwa haraka ili niondokane nalo.

Sasa naanza na faili. Nasoma majina yote matatu ya marehemu, kwa sababu wodini wanaweza kulala kina Hamisi wawili, na hakuna kosa baya kuliko kupeleka msiba kwa familia isiyofiwa. Navua glavu, nanawa mikono na kuzima mlio wa simu. Kisha nawapeleka ndugu kwenye chumba chenye mlango na viti. Korido haifai, maana mtu akianguka pale anaangukia sakafuni mbele za watu.

Tukishaketi, namuuliza mke: "Mama, mara ya mwisho mliambiwa nini kuhusu hali ya mzee?" Akijibu, "Daktari alisema amezidiwa, hajitambui," najua moyo wake umeshaanza safari na sina mbali pa kumfikisha. Akisema, "Tunangoja kesho atoke," najua niende polepole zaidi.

Ndipo nampa onyo: "Mama, habari niliyo nayo ni nzito." Hapo nanyamaza. Nahesabu moyoni moja hadi tano, taratibu. Katika sekunde hizo nimemwona mama akikamata mkono wa mwanawe, na kijana akivuta kiti karibu. Wanajiandaa. Mwaka 2000 Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha utaratibu wa hatua sita wa kupasha habari mbaya, na onyo kama hili limo. Wao walikusudia zaidi mgonjwa anayeelezwa ugonjwa wake mwenyewe, lakini linafaa vilevile kwa aliyefiwa.

Onyo lifuatwe na ukweli papo hapo: "Mzee amefariki, kama dakika ishirini zilizopita." Neno ni hilo, amefariki. Niliwahi kusema "mzee amepumzika," mama akashukuru Mungu, akauliza kama anaweza kumwachia uji akiamka. Ilinibidi nimwambie upya, na mara hii alikuwa ameshafurahi. "Ametutoka" nayo ni lugha ya heshima, ila iacheni kwa ajili ya tangazo la mazishi.

Hapa pia ndipo ninapotofautiana na desturi yetu ya kumpigia mtu aliye mbali na kumwambia, "Mama anaumwa sana, njoo," hali mama ameshalazwa mochwari. Onyo la dakika moja humkinga mtu. Likivutwa safari nzima ya basi linakuwa uongo, na anayefika na kukuta turubai uani hasahau kwamba nyumba nzima ilijua isipokuwa yeye. Ukilazimika kutumia simu, uliza kwanza: "Uko wapi sasa hivi? Uko na nani?" Akiwa anaendesha gari, mwombe aegeshe. Bora zaidi, mpigie jirani au mzee wa familia aliye karibu naye amfikie, aketi naye, amwambie ukweli wote kabla hajapanda basi.

Neno likishatoka, nanyamaza tena, na huku ndiko kugumu. Ulimi unataka kueleza presha ilivyopanda na dawa tulizompa. Lakini masikio ya aliyefiwa yameshajifunga. Nikimwona amerudi, pengine kwa kuuliza, "Aliumia?", namjibu hilo tu. Maelezo mengine nayatoa baadaye, na mara nyingi nayarudia kwa kijana, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa na ukoo.

Vilio vikianza sisemi "jikaze," wala simwambii kijana kwamba mwanaume halii. Nabaki kitini. Muda huo mwenzangu yuko wodini anamtoa marehemu dripu, anamfuta uso na kumfunika shuka safi, ili wakitaka kumwona wamkute katika stara. Ndipo nauliza: "Mngependa kumwona? Nani tumpigie aje kuwa nanyi?" Mambo ya mochwari na kibali cha mazishi namweleza kijana pembeni. Familia ya Kiislamu inayotaka kuzika mapema nailiharakishia karatasi bila kusubiri waniombe.

Wewe usiye mhudumu utatumwa pia siku moja, na jirani au na ukoo. Nenda na mwenzako mmoja, keti kabla hujasema, na usiage mpaka mwingine wa kukaa naye awe ameingia mlangoni.