Miezi Sita Isiyoonekana

Tuchukue mfano wa mlinzi mmoja wa Kizuka, katika nchi ya michikichi ya Rumonge, aliyelinda ghala la mawese hadi alipofikia umri wa kustaafu. Amepokea taarifa ya michango yake kutoka INSS, yaani Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii ya Burundi. Mkewe anaipitia karatasi hiyo kwa kidole, mwaka baada ya mwaka, na kidole kinasimama penye 2016.

"Baba watoto," asema, "hapa Julai hadi Desemba ni patupu. Kwani hukwenda kazini?"

Alikwenda, tena kila usiku. Lakini jumla ya taarifa ni miezi 176, na kanuni ya hifadhi ya jamii ya Burundi ya mwaka 1999 iliweka miezi 180 kuwa kiwango cha kupata pensheni ya uzeeni. Aliyepungukiwa hulipwa fedha za mara moja, akaishia hapo. Miezi ile sita ikirudishwa, mlinzi atakuwa na 182, na pensheni itamfikia kila mwezi maisha yake yote.

Kabla ya kushika kalamu, pengo lenyewe lisomwe. Mwajiri hupeleka orodha ya wafanyakazi na mishahara yao kwa kila robo ya mwaka. Pengo la Julai hadi Desemba ni robo mbili kamili. Kwa hiyo yaelekea zimekosekana orodha mbili, wala si kwamba mtu alikosa kazi siku kadhaa. Hatua ya pili ni kuwauliza wenzake wa zamu. Ikiwa nao wana pengo lile lile, huenda mwajiri hakupeleka orodha, au aliipeleka bila fedha. Ikiwa pengo ni la mlinzi peke yake, yafaa kushuku jina au namba. Tarakimu mbili zikipishana, au herufi moja ya jina ikibadilika, mchango wake waweza kukaa bila mwenyewe, au kuingia kwa mtu mwingine.

Hati za mshahara zilizohifadhiwa katika kopo la maziwa ndizo silaha yake. Hata hivyo, thamani yake ijulikane vema. Viwango vya kawaida mwaka 2016 vilikuwa 4 kwa 100 kutoka kwa mfanyakazi na 6 kwa 100 kutoka kwa mwajiri. Kwa mshahara wa faranga 100,000, mlinzi alikatwa 4,000, na mwajiri alipaswa kuongeza 6,000. Hati inathibitisha kwamba alikatwa. Haithibitishi kwamba fedha zilifika. Ndiyo maana barua isiseme "mmekula fedha zangu", bali iulize zilikwama wapi.

Barua fupi yatosha. Juu kabisa huandikwa jina kama lilivyo katika kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, namba ya uanachama, na jina na namba ya mwajiri. Kisha hufuata maneno ya namna hii:

"Katika taarifa yangu ya michango, miezi ya Julai hadi Desemba 2016 haionekani. Miezi hiyo nilikuwa kazini, na nilikatwa mchango kama zinavyoonyesha nakala za hati sita za mshahara zilizoambatanishwa. Naomba kujulishwa: je, orodha za robo ya tatu na ya nne zilipokelewa? Je, fedha zake zililipwa? Ikiwa ndiyo, ziliandikwa kwa jina na namba ya nani? Ikiwa hazikulipwa, naomba mwajiri adaiwe, nami nipewe taarifa iliyosahihishwa."

Maswali hayo matatu yanamzuia karani kujibu kwa neno "tutaangalia" tu, kwa kuwa kila moja lina daftari lake la kutazamwa.

Hati halisi zibaki nyumbani, zipelekwe nakala. Barua iandikwe mara mbili, na ile ya pili igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa, kwani bila muhuri huo hakuna ushahidi kwamba iliwahi kufika. Nakala nyingine apewe mwajiri. Akikataa kujibu, Ukaguzi wa Kazi ndio mlango unaofuata. Aliyepoteza hati za mshahara atafute mkataba, cheti cha kazi, au karatasi za benki zinazoonyesha mshahara ukiingia miezi ile.

Neno la mwisho ni la wakati. Mlinzi huyu amegundua pengo baada ya miaka mingi, wakati makarani wamekwisha badilika na madaftari yamekwisha hamishwa. Laiti angeiomba taarifa mwanzoni mwa 2017, pengo lingekuwa bado jipya, na karani aliyeandika orodha angali mezani pake.