Malipo ya kadi mtandaoni: Mstari mmoja wa msimbo unavyobadili wajibu wa usalama

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

MTAALAMU anayeunganisha tovuti ya biashara na malipo ya kadi hukutana na uamuzi ambao kwa macho unaonekana kuwa wa urembo tu. Mteja apelekwe kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, au visanduku vya kuandikia namba ya kadi vipachikwe ndani ya tovuti ya biashara yenyewe?

Uamuzi huo unaweza kuandikwa kwa mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta. Hata hivyo, ndio unaoamua mwenye biashara atapaswa kuthibitisha nini kuhusu usalama wa tovuti yake.

Chukulia nyumba ya kulala wageni mjini Tunduma, jirani na kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa mwaka 2019. Mwenye nyumba anataka wageni wanaotoka Lusaka au Dar es Salaam walipie chumba kwa kadi kabla hawajafika, hivyo amempa kazi hiyo kijana anayetengeneza tovuti.

Kijana huyo anachagua, kwa mfano, huduma ya Pesapal, kampuni iliyoanzia nchini Kenya na inayofanya kazi Tanzania pia. Tovuti inatuma taarifa za oda, kiasi na sarafu kwa kampuni hiyo, nayo inarudishiwa kiungo cha malipo kinachoitwa `redirect_url`. Kiungo hicho kinaweza kutumika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kumhamisha mgeni:

```js
window.location.href = data.redirect_url;
```

Hapo mgeni anaondoka kabisa kwenye tovuti ya nyumba ya wageni. Anwani iliyo juu ya kivinjari inabadilika na kuwa ya kampuni ya malipo, na ukurasa wote anaouona unatoka kwenye seva za kampuni hiyo.

Njia ya pili ni kuufungua ukurasa huohuo ndani ya fremu:

```js
fremu.src = data.redirect_url;
```

Hapa mgeni habanduki. Anaendelea kuona nembo na rangi za nyumba ya wageni, huku visanduku vya kadi vikiwa katikati ya ukurasa. Wenye biashara wengi huipenda njia hii kwa sababu mteja hashtuki kuona anapelekwe mahali asipopajua.

Katika njia zote mbili, namba ya kadi haipiti kwenye seva ya nyumba ya wageni. Aidha, kivinjari huzuia skripti za ukurasa wa nje kusoma kilichoandikwa ndani ya fremu inayotoka kwenye anwani nyingine. Je, tofauti inatoka wapi?

Inatoka kwenye ukurasa unaoizunguka fremu. Ukurasa huo ni mali ya nyumba ya wageni, na mara nyingi umebeba skripti za watu wengine: ya kuhesabu wageni wa tovuti, ya dirisha la mazungumzo, ya matangazo. Mhalifu akifanikiwa kubadili mojawapo, hahitaji kusoma ndani ya fremu. Anaiondoa na kuweka ya kwake inayofanana nayo. Mgeni anaandika namba ya kadi, anaona ujumbe kwamba kuna hitilafu, kisha fremu halisi inarudishwa na malipo yanakamilika. Mwenye nyumba anapata fedha zake na hajui kwamba kadi imenakiliwa.

Nguvu ya skripti ya aina hiyo ilionekana mwaka 2018 katika shirika la ndege la British Airways. Wahalifu walibadili faili moja ya skripti kwenye tovuti ya shirika hilo kwa kuongeza mistari 22, na kile abiria walichoandika kwenye fomu ya malipo kikawa kinatumwa pia kwenye anwani ya wahalifu. Mwezi Oktoba 2020 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza ililitoza shirika hilo faini ya Pauni milioni 20.

Kanuni zinazotumika duniani kwa kadi zinaitwa PCI DSS. Mfanyabiashara mdogo hujaza fomu ya kujitathmini, na biashara iliyoikabidhi kampuni ya malipo kazi yote ya kupokea kadi hujaza iliyo fupi zaidi, SAQ A. Njia zote mbili za kijana wetu zinaweza kuangukia katika fomu hiyo.

Lakini tangu Machi 31, 2025, anayetaka kutumia fomu hiyo fupi anapaswa kuthibitisha kwamba tovuti yake haiwezi kudhuriwa na mashambulizi ya skripti. Baraza linalosimamia kanuni hizo lilifafanua mwaka huohuo kuwa sharti hilo linawahusu wanaopachika fremu ya malipo, na haliwahusu wanaomhamisha mteja.

Aliyepachika fremu anaweza kulitimiza sharti hilo kwa mojawapo ya njia mbili. Ama aorodheshe kila skripti iliyo kwenye ukurasa wa malipo, aeleze kwa nini ipo, ahakikishe haijabadilishwa na aweke mtambo wa kumtahadharisha ikibadilika. Au apate uthibitisho kutoka kwa kampuni ya malipo kwamba huduma yake, ikiunganishwa kwa kufuata maelekezo, ina kinga dhidi ya mashambulizi hayo.

Ipo hali ya tatu, ambayo huwanasa wengi bila kujua. Baadhi ya visanduku vinavyoonekana kupachikwa si fremu kabisa, bali ni sehemu ya ukurasa wa biashara, na skripti huchukua namba ya kadi na kuituma kwa kampuni ya malipo. Hapo fomu fupi haitumiki tena. Biashara inahamia SAQ A-EP, yenye masharti mengi zaidi, na namba ikipita kwenye seva yake yenyewe inahamia SAQ D, ambayo ni ndefu kuliko zote.

Njia rahisi ya kutambua ni kufungua ukurasa wa malipo katika mazingira ya majaribio, kufungua dirisha la amri la kivinjari na kuandika:

```js
document.querySelectorAll('input')
```

Ikiwa kisanduku cha namba ya kadi kimo kwenye orodha inayotokea, basi kimo ndani ya ukurasa wako, na skripti yoyote iliyopo hapo inaweza kukisoma. Kilichomo ndani ya fremu hakitokei kwenye orodha hiyo.

Kumhamisha mgeni nako si kinga kamili. Mhalifu aliyeingia kwenye tovuti anaweza kubadili kiungo na kumpeleka mgeni kwenye ukurasa bandia, ingawa hapo anwani ya uongo huonekana juu ya kivinjari. Ndiyo maana hata anayehamisha mteja bado anatakiwa kuweka nenosiri madhubuti, kuziba mapengo makubwa ya programu ndani ya mwezi mmoja tangu marekebisho yatolewe, na tovuti yake kukaguliwa kutoka nje na mkaguzi aliyeidhinishwa kila baada ya miezi mitatu.

Kwa nyumba ya wageni isiyo na mtaalamu wa kudumu, swali la msingi ni moja: nani atazikagua skripti hizo kijana akishalipwa na kuondoka? Kama jibu ni hakuna, basi kumhamisha mgeni ndiko kunakolingana na uwezo wa biashara hiyo, hata kama ukurasa unaofunguka hauna rangi za mwenye nyumba.