Mchoro wa Mabaki: Je, Mstari Mnyoofu Unafaa?

Chukua jaribio unalolijua, la pendulamu. Umepima muda wa mabembeo 20 kisha ukagawa kwa 20. Kwa uzi wenye urefu l wa sm 20, 40, 60, 80 na 100, umepata muda T wa sekunde 0.90, 1.27, 1.55, 1.80 na 2.01. Mstari unaozikaribia nukta hizi kuliko yote ni T = 0.681 + 0.01375l. Ukiuchora, nukta zote ziko karibu nao, na watahiniwa wengi huishia hapo.

Wewe tafuta mabaki. Baki ni thamani uliyopima toa thamani inayotolewa na mstari. Kwa l = 20 mstari unatoa 0.956, hivyo baki ni 0.90 − 0.956 = −0.056. Mengine, kwa mfuatano, ni +0.039, +0.044, +0.019 na −0.046. Weka l kwenye mhimili mlalo, mabaki kwenye mhimili wima, kisha chora mstari wa sifuri katikati.

Soma mchoro kutoka kushoto kwenda kulia. Baki la kwanza liko chini ya sifuri, matatu yako juu, la mwisho limerudi chini. Hilo ni tao. Mstari ungekuwa unafaa, mabaki yangetawanyika juu na chini bila mpangilio. Usitegemee jumla yake: hapa ni sifuri, na kwa mstari uliokokotolewa hivi huwa sifuri hata pale usipofaa.

Lakini nukta tano ni chache, na tao laweza kutokea kwa bahati. Basi tazama vipimo vya mhimili wima. Ukikosea sekunde 0.2 katika kubonyeza saa, kosa kwenye T ni 0.2 ÷ 20 = 0.01 tu. Mabaki ya 0.05 ni mara tano ya hapo, kwa hiyo mkono wako hauna lawama; ni umbo la mstari. (Kompyuta hukuza mchoro ujaze ukurasa, hivyo usiogope tao kabla ya kusoma namba.)

Hasara yake ni hii: kwa l = 0 mstari unadai pendulamu isiyo na uzi inabembea kwa sekunde 0.68. Kwa sm 200 unatabiri 3.43, ilhali muda halisi ni karibu 2.84.

Sasa tumia T² badala ya T: 0.81, 1.61, 2.40, 3.24, 4.04. Mabaki ya mstari mpya ni +0.008, −0.001, −0.020, +0.011, +0.002. Tao limetoweka, na yote ni madogo kuliko kosa la kupima, ambalo kwa T² ni kama 0.03 katikati ya grafu. Mteremko ni 0.04045, nao unakupa g = 4π² ÷ 0.04045, yaani takriban sm 976 kwa sekunde mraba.