Meneja Akiondoka, Madeni Yanabaki na Nani?

Timu nyingi za mtaa jijini Dar es Salaam hazina ofisi. Mfuko wa jezi unakaa chumbani kwa meneja, mipira inaning'inia ukutani kwake, na hesabu zote zimo ndani ya simu yake. Akipata kazi mkoani, wiki hiyohiyo timu inaanza kuulizana nani alilipwa na nani bado anadai. Ndiyo maana karatasi ya makabidhiano inatakiwa iandikwe angalau wiki mbili kabla meneja hajaondoka, na iandikwe mbele ya mweka hazina.

Sehemu ya vifaa ni rahisi, mradi watu wahesabu wakiwa wameshika kitu mkononi. Jezi zitandazwe mkekani kwa kufuata namba. Namba 7 isipoonekana, andika iko kwa mchezaji gani na tangu mechi ipi, kwa sababu neno "imepotea" halimsaidii anayepokea. Mipira nayo isihesabiwe tu. Ijazwe upepo jioni, iachwe hadi asubuhi, kisha ibonyezwe kwa kidole gumba. Unaobonyea una tatizo la vali au mpira wake wa ndani umetoboka, na uandikwe hivyo. Meneja mpya anayeambiwa ana mipira sita, kumbe inayochezeka ni mitatu, atagundua siku ya mechi.

Uwanja ni suala la ruhusa. Tuchukulie timu inayofanya mazoezi kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mara nyingi makubaliano yalifanyika kwa mdomo kati ya meneja na mwalimu mkuu, na mmoja wao akihama hakuna anayekumbuka masharti. Karatasi itaje siku na saa, nani anashika ufunguo wa geti, nani ananunua chokaa ya kuchora mistari, na ni timu gani nyingine inatumia uwanja huo Jumamosi. Kisha meneja anayetoka ampeleke mwenzake ofisini kwa mwalimu mkuu, wasalimiane, na waombe barua fupi.

Sasa tufike kwenye pesa, maana hapo ndipo urafiki unapovunjika. Nitachukua mfano wenye tarakimu. Timu iliagiza jezi 18 kwa shilingi 25,000 kila moja, jumla 450,000. Fundi amelipwa 300,000, bado anadai 150,000. Shule nayo inadai 40,000 za uwanja. Kwa hiyo timu inadaiwa 190,000. Upande wa pili, kwenye simu ya meneja kuna 85,000, na wachezaji watano hawajamaliza mchango wa 10,000 kila mmoja, yaani 50,000. Diwani naye alisema mkutanoni kwamba atatoa 100,000.

Mameneja wengi hujumlisha vyote hivyo, wakapata 235,000, wakatangaza kwamba timu ina ziada ya 45,000. Mimi sikubaliani kabisa na hesabu hiyo. Ahadi ya diwani haidaiki. Haina tarehe wala sahihi. Ikae kwenye mstari wake peke yake, na aliyeisikia atajwe. Ukiiondoa, timu ina 135,000 dhidi ya deni la 190,000, yaani pengo la 55,000. Hata michango ile ya wachezaji inahitaji jina mojamoja, kwa kuwa mmoja kati ya watano akiwa amehamia timu nyingine, pengo linafika 65,000. Meneja mpya akijua hili mapema ataitisha kikao kabla fundi hajamfuata mazoezini mbele ya vijana.

Kila deni liwe na uthibitisho wake: risiti, au ujumbe wa muamala kwenye simu. Kabla ya kusaini, meneja ampigie fundi simu, mweka hazina akiwa pembeni, waulize, "Kaka, kwa hesabu zako tunadaiwa ngapi?" Fundi akitaja 180,000 wakati karatasi inasema 150,000, tofauti hiyo itatuliwe siku hiyo, meneja akiwa bado mjini.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau. Laini ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole za mwenyewe, hivyo haikabidhiwi kama mfuko wa jezi. Salio la timu lihamishwe kwenda kwa mweka hazina, na namba mpya ya kupokelea michango itangazwe kwenye kundi la wachezaji. Meneja mpya afanywe admini wa kundi hilo kabla mwenzake hajajitoa.

Kwenye orodha ya simu, majina matupu hayatoshi. Andika pembeni kila mmoja anafanya nini na mlikubaliana nini: refa analipwa kabla ya mechi au baada yake, dereva wa Haisi anataka kuambiwa siku ngapi mbele, na mzazi yupi apigiwe kijana mdogo akiumia. Nakala tatu zinatosha: ya anayetoka, ya anayeingia na ya mweka hazina, zote zikiwa na sahihi na tarehe ambayo madeni mapya yanaanza kuhesabiwa kwa uongozi mpya.