Ukuta wa Hospitali Usiseme "Utapona"

Kiswahili kina maneno mawili ambayo karibu kila mtu huyatamka akifika kitandani kwa mgonjwa: "Ugua pole." Hebu yatazame vizuri. Hayasemi kwamba utapona, wala kwamba ugonjwa ni mdogo. Yanakubali kwamba unaumwa, halafu yanakutakia maumivu yawe taratibu. Hakuna ahadi hapo, na bado mgonjwa anajisikia amefikiwa na mtu.

Mimi na wenzangu watatu tulipoombwa kuandika maneno ya ukutani kwa ajili ya chumba cha kusubiri cha hospitali moja hapa mjini, tulidhani ni kazi ya jioni moja. Ilichukua wiki mbili. Ugumu unatokana na benchi lenyewe. Dodoma inapokea wagonjwa kutoka Kongwa, Mpwapwa, Manyoni, Kondoa na kwingineko, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani zetu hapa UDOM, imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018. Kwenye benchi moja unaweza kumkuta mama anayesubiri majibu ya malaria ya mtoto, kaka ambaye mkewe yuko chumba cha upasuaji, na mzee aliyetoka kuambiwa kwamba ndugu yake amefariki. Wote wanasoma ukuta uleule.

Tulianza na methali, kama Mswahili yeyote. Ya kwanza ilikuwa "Baada ya dhiki faraja." Nzuri kabisa, mpaka umweke yule mzee mbele yake. Tukaja na "Hakuna marefu yasiyo na ncha." Ukiwa kwenye wiki ya mitihani, methali hiyo inakupa nguvu, kwa sababu unajua mitihani itakwisha. Kwa kaka anayesubiri nje ya upasuaji, ncha inaweza kuwa kifo, na hilo ndilo jambo analojaribu kutoliwaza. "Mvumilivu hula mbivu" ina kasoro nyingine: inamsingizia mtu. Mambo yakiharibika, maana yake nini? Kwamba hakuvumilia vya kutosha?

Baada ya kufuta methali saba hivi, tuligundua kwamba tatizo linaonekana kwenye vitenzi. Sentensi yenye "ta" inazungumzia kesho: utapona, atatoka, mambo yatakuwa sawa. Ukuta haujui kesho. Sentensi yenye "hu" inasema jambo hutokea siku zote, na ndiyo maana methali nyingi huitumia, lakini ugonjwa haufuati siku zote. Sentensi yenye "na" inazungumzia sasa: tunajua, tunakusikia, wanaendelea kumhudumia. Hiyo unaweza kuihakiki. Halafu kuna umbo la kutakia, kama "Mungu akujalie nguvu." Hilo nalo ni salama, kwa sababu kutakia si kuahidi. Linganisha na "Mungu ataponya," uone herufi chache zilivyobadilisha dua kuwa mkataba.

"Ta" inaruhusiwa mahali pamoja tu: pale ambapo hospitali yenyewe ina uwezo wa kutimiza. "Tutakuita kwa jina" ni ahadi ya kazi, si ya uhai. Hata hiyo, muulize kwanza anayeita majina.

Nieleze sentensi moja jinsi ilivyopita mikononi mwetu. Ilianza kama "Subira yavuta heri." Tukaiondoa kwa sababu ya heri. Ikawa "Vuta subira, daktari atakuona muda si mrefu." Tulimpelekea muuguzi mmoja wa siku nyingi, akacheka kidogo. "Wanangu," alisema, "usiku ikija ajali ya barabara ya Morogoro, daktari wote mtawakuta huko. Mimi ndiye nitakayeonyeshwa huo ukuta."

Tukabakiza "Vuta subira." Akaikataa pia. Kwanza, ni amri, na kwa mama aliyefika tangu alfajiri inasikika kama karipio. Pili, na hili ndilo lililotubadilisha, alisema subira inaweza kuua. Mtoto akianza degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, au akilegea asiamke vizuri, hizo ni dalili za hatari, na mama hapaswi kungoja zamu yake. Lakini mama mwenye adabu, mgeni mjini, aliyeambiwa na ukuta avute subira, atanyamaza. Ataogopa kuonekana msumbufu.

Kumbe neno la kutuliza likizidi linafunga mdomo. Tukaandika upya, safari hii sentensi tatu badala ya moja. "Tunajua umesubiri. Pole." Kisha sababu ya kusubiri, kwa kuwa kinachowaudhi watu mara nyingi ni kumwona aliyekuja nyuma yao akiingizwa kwanza. Tulikuwa tumeandika "Mwenye hali mbaya zaidi hutangulia," lakini fikiria ndugu wa yule aliyetangulizwa akiisoma. Ikawa: "Anayehitaji msaada wa haraka hutangulia, hata akifika baada yako." Hapo "hu" inafaa, maana huo ni utaratibu wa hospitali, haubashiri ugonjwa. Ya mwisho: "Ukiona mgonjwa wako amebadilika, mwite nesi sasa hivi." Hiyo haitulizi kwa upole, inatuliza kwa kumpa mtu la kufanya.

Urefu nao una kanuni yake. Kanga zimetufundisha zamani: jina la kanga ni fupi kwa sababu linasomwa na mtu anayepita. Tulijiwekea maneno kumi kwa sentensi, na kati ya zilizobaki hakuna iliyovuka. Kwa ukubwa wa herufi, mafundi wa mabango hukadiria kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita tatu za umbali. Chumba chetu kilikuwa na mita sita kutoka benchi la nyuma hadi ukutani, kwa hiyo herufi za sentimita tano. Tuliepuka rangi nyekundu, ambayo hospitalini ni rangi ya dharura. Na kwa kuwa si wote wanaosoma, kila sentensi tulisomeana kwa sauti. Isiyotamkika vizuri kwa pumzi moja, jirani hatamsomea bibi aliyekaa pembeni yake.

Jaribio la mwisho lilikuwa la wale watu watatu wa kwenye benchi. Mmoja wetu alijifanya mama, mwingine kaka, mwingine mzee, na kila sentensi ilisomwa mara tatu. Ikimuumiza hata mmoja, inatoka. Zilizobaki ni hizi:

Tunajua umesubiri. Pole.

Anayehitaji msaada wa haraka hutangulia, hata akifika baada yako.

Ukiona mgonjwa wako amebadilika, mwite nesi sasa hivi.

Kuuliza si usumbufu.

Kunywa maji. Kula kidogo. Nawe unahitaji nguvu.

Huko peke yako kwenye benchi hili.

Sentensi ya tano ilizua ubishi, maana kuna wanaofunga. Tulikubaliana ikae karibu na bomba la maji, mahali ambapo ni mwenye kiu ndiye anayekwenda. Ya sita ndiyo fupi ninayoipenda kuliko zote. Haijui mgonjwa wako atarudi au la. Inajua tu kwamba pembeni yako kuna mtu mwingine ameketi, na ukigeuka utamwona.