Gorogoro si kilo mbili, wala si pishi

Ukinunua mahindi Kongo, kule Kawangware, au Kibera, utatajiwa bei ya gorogoro. Kipimo chenyewe ni mkebe uliokuwa wa mafuta ya kupikia ya kilo mbili, na wengine huuita korokoro. Mtu wa Mombasa au Tanga akiuliza maana yake, jibu la haraka huwa neno moja. Hapo ndipo pesa inapopotea.

Ukimwambia ni pishi, atafikiria vibaba vinne, yaani karibu kilo 2.7. Ukimwambia ni kilo mbili, umekaribia kwa mahindi, lakini umemfanya asahau kwamba gorogoro hupima nafasi, haipimi uzito. Mkebe uleule ukijazwa omena, ambayo ni kavu na nyepesi, hauikaribii hata hiyo kilo mbili.

Tuchukue bei za mfano: gorogoro ya mahindi shilingi 120, na duka la jirani lenye mizani linauza kilo moja kwa 65. Aliyeambiwa pishi atagawanya 120 kwa 2.7, aone kilo inamgharimu shilingi 44, na ataona gorogoro ni ya bure. Aliyeambiwa kilo mbili atapata 60, naye pia atakwenda kwenye mkebe. Sasa mkebe ukiwa umegongwa kitako kikaingia ndani, ukatoa kilo 1.8 tu, kila kilo imemgharimu karibu 67. Wa dukani angemfaa zaidi, ila neno alilopewa halikumpa sababu ya kukagua mkebe.

Kwa hiyo mimi huchagua maneno machache badala ya moja: "mkebe wa kupimia, mahindi yake kama kilo mbili". "Mkebe" humfanya mnunuzi autazame kitako na kuuliza kama unajazwa kwa kichuguu au unapanguswa juu. "Mahindi yake" humzuia kuupeleka uzito huo kwenye omena au maharagwe. "Kama" humwachia nafasi ya kupungukiwa. Nikiandika orodha ya bei, naiweka tafsiri hiyo mara moja juu, kisha chini natumia gorogoro tupu, kwa sababu muuzaji hataelewa ukimwomba "mkebe wa kupimia".

Ubaya wa tafsiri hiyo ni urefu, na haikwambii mkebe wa muuzaji huyu hasa una kiasi gani. Hilo halitatuliwi na kamusi yoyote. Nunua gorogoro moja, ipeleke kwenye duka lenye mizani iliyokaguliwa, omba wakupimie, kisha gawanya bei uliyolipa kwa kilo ulizozipata. Kibanda cha pili kina mkebe wake, kwa hiyo huko anza hesabu upya.