Umenyimwa kazi kwa baruapepe? Usinyamaze, jibu hivi

Ilikuwa Alhamisi jioni, na binamu yangu alikuwa ndani ya matatu akitoka mjini simu ilipolia. Ilikuwa baruapepe aliyoingoja kwa siku tisa. Sentensi ya kwanza ilimshukuru kwa kuomba nafasi ya msaidizi wa mhasibu, na ya pili ikaanza kwa "tunasikitika". Hakumaliza kuisoma.

Alipofika nyumbani tayari alikuwa na maelezo yake. "Kaka, hawa walikuwa na mtu wao. Ni kujuana tu." Baada ya chai akabadilisha wimbo: labda ni diploma yake, labda bila CPA hakuna atakayemtazama. Kufikia saa tatu usiku alikuwa anapiga hesabu ya kukopa pesa za karo arudi darasani.

Nikamuuliza kama kuna aliyemwambia kwamba shida ni CPA. Hakuna. Alikuwa karibu kuingia kwenye deni kutibu ugonjwa ambao haukuwa umepimwa. Nikamwambia aulize kwanza.

Jibu alilokuwa ameandika lilikuwa na aya nne. Alieleza alivyoamka saa kumi alfajiri kuwahi mahojiano, akataja alama zake za chuo, kisha akamalizia: "Naomba kujua ni kwa nini sikuchaguliwa." Hapo ndipo wengi wetu huteleza. Swali hilo linaonekana la haki, lakini kwa afisa wa uajiri ni mtego. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha tano, inakataza ubaguzi hata dhidi ya mtu ambaye bado anatafuta kazi. Mtu akilalamika, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kwa hivyo chochote atakachoandika kuhusu "kwa nini si wewe" kinaweza kusomwa siku moja mbele ya hakimu. Ndiyo maana wengi hunyamaza, au hujibu tu kwamba ushindani ulikuwa mkali.

Ila ukiuliza "niongeze bidii wapi?", mambo hubadilika. Humwombi autetee uamuzi wake. Unamwomba ushauri kuhusu kazi yako mwenyewe, na huo anaweza kuutoa kwa sentensi moja bila kumtaja aliyechaguliwa. Mrahisishie zaidi kwa kumpa sehemu mbili alizokuona ukifanya, achague moja.

Tulifuta aya zote nne. Kesho yake, saa tatu asubuhi, alituma hii:

"Habari za asubuhi, Bi. (jina lake).

Asante kwa kunijulisha uamuzi wenu kuhusu nafasi ya msaidizi wa mhasibu. Nilitamani kuipata, lakini nauheshimu uamuzi huo, na nashukuru kwa muda mlionipa Jumanne.

Najiandaa kwa maombi mengine. Ukipata dakika moja, naomba kuuliza: kati ya jaribio la Eksel na mahojiano, ni wapi ninapofaa kuongeza bidii? Hata sentensi moja itanisaidia. Kama utaratibu wenu hauruhusu, naelewa.

Nafasi nyingine ikitokea katika idara ya fedha, hata ya muda mfupi, ningefurahi mkinikumbuka.

Wako, (jina na nambari ya simu)."

Yako unaweza kuiandika kwa Kiingereza ikiwa ndiyo lugha waliyokuandikia. Mpangilio ni ule ule. Shukrani ina jambo mahususi, yaani siku mliyokutana. Swali ni moja. Kuna mlango wa kukataa, ili asione kama unamshika shati. Na hamu yako ya kurudi imetajwa wazi, si kwa kuzungukazunguka.

Jibu ndani ya siku moja au mbili, wakati sura yako bado iko akilini mwao, lakini si usiku ule ule ukiwa na hasira. Bonyeza kitufe cha kujibu kwenye baruapepe waliyokutumia, usianzishe nyingine mpya, ili historia yako yote ibaki mahali pamoja. Tazama pia anwani. Ikianza na noreply, jibu lako halitasomwa na mtu. Mwandikie aliyekualika kwenye mahojiano. Usiambatishe wasifukazi tena, na tafadhali usimfuate Wasapu.

Ule mstari wa mwisho kuhusu nafasi nyingine si wa heshima tu. Kwa sheria hiyo hiyo, kipindi cha majaribio kazini hakizidi miezi sita mwanzoni, na katika kipindi hicho mwajiri au mfanyakazi anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba. Aliyechaguliwa anaweza kupata kazi nono zaidi kwingine na kuaga wiki ijayo. Bosi akibaki na pengo ghafla, ni rahisi kumpigia aliyefika hatua ya mwisho na kuaga vizuri kuliko kutangaza kazi upya.

Bi. yule alijibu Jumatatu, mistari miwili. Alisema mahojiano yalikwenda vizuri, ila katika jaribio, sehemu ya kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha haikukamilika.

Binamu yangu alikaa kimya kidogo, kisha akacheka. Alikumbuka. Alipewa orodha mbili ndefu za malipo atafute yasiyolingana, naye akazipitia kwa macho, mstari baada ya mstari, hadi muda ukaisha. Chuoni alifundishwa kulinganisha kwa kalamu na karatasi. Fomula ya VLOOKUP, ambayo hutafuta nambari ya malipo ya orodha moja ndani ya nyingine, alikuwa ameisikia tu. Si kujuana, wala si CPA. Mkopo ukaahirishwa, akaanza kufanya mazoezi kwenye tarakilishi ya jirani.

Alitaka kumweleza kwamba muda wa jaribio ulikuwa mfupi mno. Nikamzuia. Ukishapewa ushauri, usibishane nao hata ukiona haukutendei haki. Aliandika mstari mmoja: "Asante sana, nitalifanyia kazi hilo." Ukianza kujitetea, yule aliyekufungulia mlango ataufunga, na atakayeuliza baada yako hatajibiwa.

Je, wakikunyamazia? Ngoja wiki moja, kumbusha mara moja kwa sentensi mbili, kisha endelea na safari. Na kama ulikataliwa kabla ya mahojiano, usiombe ushauri. Hakuna anayekukumbuka kati ya maombi mengi. Shukuru kwa ufupi, au acha. Vilevile, ikiwa uliombwa hongo au uliulizwa kama unapanga kupata mimba, barua hii si dawa. Hilo ni lalamiko la kupeleka kwa mamlaka husika, si la kuombea ushauri.

Kazi ile hakuipata, na hadi leo hawajamwita. Lakini wiki iliyopita alialikwa kufanya jaribio kwingine, na katika karatasi kulikuwa na orodha mbili za malipo. Alimaliza zikiwa zimesalia dakika kumi na moja. Sasa anangoja baruapepe nyingine, na hata ikianza kwa "tunasikitika", anasema ataisoma hadi mwisho.